Jinsi ya Kupima Ukubwa wa Kampala Dhidi ya Miji Mingine ya Uganda Bila Kudanganywa na Jedwali la Sensa

Nimesahihisha kazi hii mara nyingi kiasi kwamba najua makosa kabla sijafungua daftari. Swali ni lile lile: je, Kampala ni jiji kinara, au miji ya Uganda inafuata kanuni ya nafasi na ukubwa? Majibu huja ya aina mbili. Wa kwanza anachora mstari, anapata mteremko wa karibu −1, anatangaza kwamba Uganda inafuata kanuni. Wa pili anagawa Kampala kwa mji wa pili katika sensa ya 2014, anapata 4, analinganisha na 1991 alikopata 12, anahitimisha kwamba Kampala inapoteza nguvu. Hesabu za wote wawili ni sahihi. Majibu yote mawili ni makosa.

Mwongozo huu unakupitisha kwenye kazi yote kwa tarakimu halisi. Maneno mawili tu kwanza. Jiji kinara ni jiji lililoupita mji wa pili kwa mbali sana, kipimo cha chini kikiwa mara mbili. Kanuni ya nafasi na ukubwa inasema mji wa pili uwe nusu ya wa kwanza, wa tatu theluthi, wa nne robo, hivyo hivyo hadi chini.

## Unachohitaji

- Jedwali la idadi ya watu kwa miji kutoka sensa ya 1991 na ya 2014. Hutolewa na Ofisi ya Takwimu ya Uganda, UBOS.
- Ramani inayoonyesha mipaka ya Kampala na wilaya ya Wakiso. Hata ramani ya simu inatosha, mradi uone majengo kutoka juu.
- Kompyuta yenye Excel au programu nyingine ya jedwali. Kikokotoo chenye kitufe cha logi kinafaa pia, ila utachoka.
- Karatasi ya kuandika kila mpaka uliouamua na sababu yake. Wengi huiona haina maana. Utaihitaji Hatua ya 5.

Tumia sensa tu. Usichanganye sensa na makadirio ya katikati ya miaka, wala usichukue mji mmoja kutoka mwaka huu na mwingine kutoka mwaka ule kwa sababu tarakimu yake imekosekana.

## Hatua ya 1: Anza na 1991

Sababu ya kuanzia nyuma ni kwamba mwaka 1991 orodha ya miji ilikuwa rahisi. Vitongoji vinavyozunguka Kampala leo vilikuwa bado havijasajiliwa kama miji, kwa hiyo havikuingia kwenye jedwali kuja kukusumbua. Utajifunza hesabu kwanza, halafu utakutana na mipaka.

Hii hapa miji kumi na moja ya juu:

| Nafasi | Mji | Watu, 1991 |
|---|---|---|
| 1 | Kampala | 774,241 |
| 2 | Jinja | 65,169 |
| 3 | Mbale | 53,987 |
| 4 | Masaka | 49,585 |
| 5 | Entebbe | 42,763 |
| 6 | Mbarara | 41,031 |
| 7 | Soroti | 40,970 |
| 8 | Gulu | 38,297 |
| 9 | Njeru | 36,731 |
| 10 | Fort Portal | 32,789 |
| 11 | Kabale | 29,246 |

Kabla ya hesabu yoyote, soma jedwali kwa macho. Kutoka Jinja hadi Kabale ni nafasi tisa, na Jinja ni kama mara mbili tu ya Kabale. Kutoka Kampala hadi Jinja ni nafasi moja, na pengo ni karibu mara kumi na mbili. Ni kama wanafunzi wa darasa moja waliopangwa mstarini asubuhi kwa urefu, na mbele yao kasimama mwalimu mkuu.

Onyo. Ukinakili jedwali kutoka faili la PDF, mara nyingi tarakimu huingia kwenye Excel kama maandishi. Utajua kwa sababu zinajibana upande wa kushoto wa kisanduku badala ya kulia. Fomula zitagoma, au mbaya zaidi, zitaruka mji mmoja kimya kimya. Futa koma, andika upya, hakikisha zote zimehamia kulia.

## Hatua ya 2: Vipimo viwili vya haraka

Kipimo cha kwanza ni uwiano wa mji wa kwanza kwa wa pili: 774 kwa 65 (kwa maelfu), yaani 11.9. Kanuni ya nafasi na ukubwa ingetaka 2. Kama Kampala ilikuwa na watu 774 elfu, Jinja ingepaswa kuwa na 387 elfu, Mbale 258 elfu, Masaka 194 elfu. Hakuna hata mmoja uliofika robo ya kiasi hicho... naomba msamaha, Masaka ilifika robo, kwa kukaza. Mingine haikufika.

Kipimo cha pili ni fahirisi ya miji minne: gawanya mji wa kwanza kwa jumla ya wa pili, wa tatu na wa nne. Tunakihitaji kwa sababu uwiano wa kwanza unategemea mji mmoja tu. Mji wa pili ukipanuliwa mipaka, jibu lote linayumba. Ukitumia mitatu, mtikisiko unapungua.

774 ÷ (65 + 54 + 50) = 4.6

Kama kanuni ingefuatwa, jibu lingekuwa 1 ÷ (½ + ⅓ + ¼), yaani 0.92. Liandike pembeni, maana wanafunzi wengi hudhani kwamba hapa nako kipimo ni 2.

Umefaulu ukiona: 11.9 na 4.6. Ukipata 0.08 umegawanya kinyume.

## Hatua ya 3: Grafu, na mtego wa −1

Hapa ndipo wengi wanapozama, kwa hiyo twende taratibu.

Miji ikifuata kanuni, na ukichukua logi ya nafasi na logi ya idadi ya watu, nukta zote hukaa kwenye mstari ulionyooka unaoshuka kwa mteremko wa −1. Ndiyo maana tunatumia logi: mkunjo mgumu kuusoma unageuka mstari, na mstari macho yanauweza.

Weka majina safu A na idadi ya watu safu B, kuanzia mstari wa 2. Kisha:

```
C2: =RANK(B2,$B$2:$B$12,0)
D2: =LOG10(C2)
E2: =LOG10(B2)
```

Vuta fomula hizo chini hadi mstari wa 12. Chora grafu ya nukta, D ikiwa mlalo na E ikiwa wima. Usichague grafu ya mistari, kwa sababu hiyo hupanga miji kwa umbali sawa na kuharibu kazi yote ya logi.

Sasa tafuta mteremko wa miji yote kumi na moja, na kipimo cha jinsi mstari unavyozishika nukta:

```
=SLOPE(E2:E12,D2:D12)
=RSQ(E2:E12,D2:D12)
```

Utapata mteremko wa −1.04. Hapo mwanafunzi huweka kalamu chini. Kanuni inataka −1, yeye kapata −1.04, kazi imekwisha.

Mwaka mmoja kijana aliniletea jibu hilo kwa furaha kabisa. Nikamwambia, "Haya, tumia mstari wako kunitabiria Kampala." Akapiga hesabu: 288 elfu. "Na sensa inasema?" Akatazama jedwali. "Mia saba sabini na nne elfu, Mwalimu." "Na Jinja?" Mstari ukatabiri 140 elfu, wakati Jinja ilikuwa na 65 elfu. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Basi mstari huu haupiti popote." Ndivyo hasa. Unapita chini kabisa ya Kampala, juu ya Jinja, na kuikuta miji mingine kwa bahati.

RSQ ingemwonya: 0.74. Kwa nukta ambazo zimeshapangwa kutoka kubwa hadi ndogo, hiyo ni alama mbaya. Orodha iliyopangwa kwa ukubwa kwa kawaida hutoa alama ya juu hata kama haina mpangilio wa maana, kwa hiyo chini ya 0.9 inapaswa kukushtua.

Kilichotokea ni hiki. Nukta moja ya Kampala, iliyo mbali juu kushoto, imeuvuta mstari kama mtu mmoja mzito aliyekaa kwenye ncha ya mtumbwi. Nukta kumi zilizobaki zinashuka taratibu, lakini mstari umeinama kumfuata yule mzito. Mteremko wa −1.04 ni wastani wa vitu viwili visivyofanana, na ni sadfa tu kwamba wastani huo umeangukia karibu na −1.

Sasa mtoe Kampala, lakini usibadilishe nafasi: Jinja ibaki ya 2, Kabale ya 11.

```
=SLOPE(E3:E12,D3:D12)
=RSQ(E3:E12,D3:D12)
=10^INTERCEPT(E3:E12,D3:D12)
```

Umefaulu ukiona: mteremko wa −0.42, RSQ ya 0.96, na kwenye fomula ya tatu, kama watu 87 elfu.

Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inajibu swali hili: kama jiji la kwanza la Uganda lingefuata mpangilio wa miji mingine kumi, lingekuwa na watu wangapi? Jibu ni 87 elfu. Kampala halisi ilikuwa karibu mara tisa ya hapo. Sasa una kipimo cha ukinara kisichotegemea Jinja peke yake, kimetoka kwenye miji kumi kwa pamoja.

Maonyo mawili. Kwanza, kwenye SLOPE wima hutangulia, mlalo hufuata. Ukizigeuza, miji kumi itakupa −2.3 badala ya −0.42. Vitabu vingine huweka nafasi kwenye wima makusudi, kwa hiyo kabla ya kulinganisha mteremko wako na wa mtu mwingine, uliza kwanza nini kiko wapi. Pili, usitumie LOG10 kwenye safu moja na LN kwenye nyingine. Ukitumia LN zote mbili, mteremko hautabadilika.

## Hatua ya 4: Hamia 2014 na ukubali kushangaa

Chukua sasa sensa ya 2014. Kwa maelfu, juu kabisa kuna Kampala 1,507, kisha Nansana 365, Kira 317, Makindye Ssabagabo 283, Mbarara 195, Mukono 162, Njeru 160, Gulu 150.

Ukipima kama Hatua ya 2, uwiano ni 4.1 na fahirisi ni 1.56. Kutoka 11.9 hadi 4.1, kutoka 4.6 hadi 1.56! Mtu asiyeijua Uganda ataandika aya nzuri kuhusu miji ya mikoani iliyoamka na kuikaribia Kampala.

Lakini panda teksi Old Taxi Park kuelekea Bweyogerere. Ukipita Banda uko Kampala, divisheni ya Nakawa. Dakika chache mbele ukiwa Kireka umeshaingia manispaa ya Kira. Hukuona shamba, hukuona pori, hukuona hata kibao kikubwa. Umeona maduka yale yale, bodaboda zile zile na foleni ile ile. Mpaka umekatiza katikati ya jiji. Ndivyo ilivyo pia ukitoka Najjanankumbi kuingia Namasuba upande wa Makindye Ssabagabo, au ukishika barabara ya Hoima kuelekea Nansana.

Kampala rasmi ina kilomita za mraba 189 tu. Ilipojaa, watu wakavuka mpaka wakaingia Wakiso, wakaendelea kufanya kazi, kusoma na kununua Kampala. Tazama dalili yake: kati ya 2002 na 2014 Kampala rasmi ilikua kwa karibu asilimia 2 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikua kwa asilimia 3. Ndani ya mipaka yake, jiji kubwa kuliko yote lilikuwa linakua polepole kuliko taifa. Ukiona hivyo mahali popote, usidhani jiji limechoka. Uliza limemwagikia wapi.

Kwa hiyo "miji" ya pili, ya tatu na ya nne katika jedwali la 2014 ni viungo vya mji wa kwanza. Umeigawa Kampala kwa Kampala.

## Hatua ya 5: Amua mipaka kwa sheria moja, uitumie kote

Sasa toa ile karatasi. Andika sheria kabla ya kugusa tarakimu: *maeneo mawili yakigusana kwa majengo yasiyokatika, au yakitenganishwa na mto tu wenye daraja la kila siku, ni mji mmoja.*

Umuhimu wa kuiandika mapema ni kwamba baadaye utashawishika kuitumia panapokufaa tu. Watu huiunganisha Kampala na Kira haraka haraka, kisha husahau kwamba sheria hiyo hiyo inaigusa miji mingine.

Kampala. Nansana, Kira na Makindye Ssabagabo zinaingia. Jumla: 1,507 + 365 + 317 + 283 = 2,472 elfu.

Jinja na Njeru. Hapa ndipo sheria inapouma. Njeru iko ng'ambo ya Mto Nile, wilaya nyingine, hata ufalme mwingine: huku Busoga, kule Buganda. Lakini watu huvuka asubuhi na jioni, na viwanda vya Njeru na vya Jinja vinategemea barabara moja. Unganisha: 76 + 160 = 236 elfu. Mara moja Jinja na Njeru zinaipita Mbarara na kuwa mji wa pili wa nchi.

Mukono. Hapa sina jibu moja, na sipendi mtu anayejifanya analo. Ukifuata barabara ya Jinja kupitia Namanve hadi Seeta, majengo karibu hayakatiki, ila kuna eneo la viwanda katikati. Fanya hesabu mara mbili, pamoja nayo na bila yake.

Entebbe iache peke yake, iko kilomita kama 40 na ina maisha yake. Ukiiongeza, watu wake elfu 70 hawabadilishi kitu.

Matokeo ya 2014:

| | Uwiano wa 1 kwa 2 | Fahirisi ya miji minne |
|---|---|---|
| Jedwali lilivyo | 4.1 | 1.56 |
| Mipaka ya majengo, Mukono nje | 10.5 | 4.2 |
| Mipaka ya majengo, Mukono ndani | 11.2 | 4.5 |

Halafu rudi 1991 ukatumie sheria hiyo hiyo, vinginevyo unalinganisha mbuzi na jogoo. Jinja na Njeru za 1991 pamoja ni 102 elfu. Uwiano unashuka kutoka 11.9 hadi 7.6, na fahirisi kutoka 4.6 hadi 3.8.

Umefaulu ukiona kwamba kuporomoka kwa Kampala kumetoweka. Kwa mipaka inayolingana, fahirisi ilikuwa 3.8 mwaka 1991 na iko kati ya 4.2 na 4.5 mwaka 2014.

Onyo, na ni kubwa. Usikimbilie kuandika kwamba ukinara umeongezeka. Mwaka 1991 walikuwepo watu nje kidogo ya mpaka wa Kampala ambao jedwali la miji halikuwahesabu, kwa hiyo 3.8 iko chini kuliko inavyopaswa. Tena manispaa za 2014 zimebeba vijiji. Nansana ina Gombe na Busukuma ndani yake, na huko bado kuna migomba mingi kuliko maghorofa. Njeru nayo ina Nyenga na Wakisi. Ukipunguza sehemu za kijijini za Njeru, Mbarara inarudi nafasi ya pili na uwiano unafika 12.7. Kitu pekee ambacho tarakimu hizi zinakuruhusu kusema ni kwamba hakuna ushahidi kuwa ukinara umepungua. Ukisogeza mipaka kwa namna yoyote ya haki, uwiano wa 2014 hauteremki chini ya 10, wala fahirisi haiikaribii 0.92.

## Hatua ya 6: Soma ngazi, usisome Kampala tu

Wanafunzi wengi huishia kwenye Kampala. Wanaacha nusu ya jibu, maana ule mteremko wa −0.42 unasema jambo kuhusu miji iliyobaki: imelingana mno. Baada ya Kampala kuna rafu ya miji inayokaribiana urefu, na kati ya rafu hiyo na Kampala hakuna kitu. Kanuni ingetarajia mwaka 2014 kuwe na mji wa watu milioni moja na ushei, mwingine wa 800 elfu, mwingine wa 600 elfu. Vidato hivyo vya ngazi havipo.

Kwa nini ilingane? Kwa sababu kila mmoja unahudumia upande wake na hauhudumii mwenzake. Mkulima wa Bushenyi huenda Mbarara, wa Sironko huenda Mbale, mfanyabiashara wa Amuru huenda Gulu. Hakuna sababu ya mtu wa Mbale kwenda Gulu kutafuta kitu asichokipata kwao. Akikikosa kwao, anapanda basi la Kampala. Huduma za ngazi ya mkoa ziko kwenye rafu, huduma za ngazi ya taifa zimerundikana sehemu moja, na hakuna mji unaobeba ngazi ya kati.

Jinja ilikuwa na nafasi ya kuwa kidato hicho. Ilikuwa na bwawa la umeme la Owen Falls tangu 1954, viwanda na reli. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 viwanda vilididimia, na sensa ya 1980 ikaikuta na watu 45 elfu tu.

Ndani ya rafu, nafasi hubadilika sana, na mara nyingi si kwa sababu za uchumi. Gulu iliruka kutoka 38 elfu mwaka 1991 hadi 119 elfu mwaka 2002, Lira kutoka 28 hadi 81. Hiyo ilikuwa vita ya kaskazini: watu walikimbilia mjini kuokoa maisha. Ukiona mji umepanda nafasi nne au tano kwa sensa moja, tafuta kilichotokea huko kabla ya kuuita mji unaostawi.

Kulinganisha na majirani kunasaidia, kwa tahadhari ile ile. Kenya mwaka 2019 ilikuwa na Nairobi 4,397,073 na Mombasa 1,208,333, uwiano wa 3.6. Bandari iliweka mji wa pili wenye kazi ya kitaifa ambayo Nairobi haiwezi kuichukua. Uganda haina pwani, na lango lake la anga liko Entebbe, mlangoni mwa Kampala. Hata hivyo, ukishuka kwenye orodha ya Kenya utaikuta Ruiru, nayo imeegemea Nairobi kama Kira ilivyoegemea Kampala. Mtego umevuka mpaka.

## Hatua ya 7: Andika jibu

Jibu linalopata alama kwangu lina sura hii:

> "Kwa mipaka ya majengo, Kampala mwaka 2014 ilikuwa zaidi ya mara kumi ya mji wa pili, na fahirisi ya miji minne ilikuwa kati ya 4.2 na 4.5, wakati kanuni ya nafasi na ukubwa ingetoa 0.92. Kwa sheria hiyo hiyo, mwaka 1991 fahirisi ilikuwa 3.8. Chini ya Kampala, miji kumi ya 1991 inafuata mstari mzuri lakini wenye mteremko mdogo wa −0.42, ukionyesha miji ya mikoa iliyolingana. Nimeunganisha Kampala na Nansana, Kira na Makindye Ssabagabo, na Jinja na Njeru. Mukono nimeijaribu ndani na nje."

Sentensi mbili za mwisho ndizo wengi hawaziandiki. Bila hizo msomaji hawezi kujua 4.2 yako imetoka wapi, na mwenzako aliyepata 1.56 atadhani wewe ndiye uliyekosea.

## Ukitaka kuendelea hadi sensa ya 2024

Usibandike safu ya 2024 pembeni ya 2014 na kutoa tofauti. Mwaka 2020 Arua, Gulu, Jinja, Mbarara, Mbale, Masaka na Fort Portal zilipandishwa kuwa majiji, na kupandishwa huko kulikuja na mipaka mipya. Jinja, kwa mfano, ilimeza Mafubira, Bugembe na Budondo. Sehemu ya ongezeko lake ni watu waliokuwa wakilala kwenye vitanda vile vile mwaka 2014, ila sasa wanahesabiwa jijini.

Tafuta jedwali la ngazi ya kata ndogo kwa sensa zote mbili, jumlisha kata zile zile kwa kila mwaka, kisha rudi Hatua ya 2. Ukianza na Jinja itakuchukua mchana mmoja. Wakiso, kwa jinsi mipaka yake inavyogawanywa upya kila mara, tenga wiki nzima.